Barua ya Karo Inayodai Jibu

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wahasibu wa shule za sekondari na wawakilishi wa wazazi, Kitale. Imechapishwa hapa kwa ombi la wazazi waliohudhuria.)

 

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mhasibu. Kazi yangu ni kuandika taarifa ambazo wananchi watazisoma na kujua la kufanya. Mwezi uliopita bursa wa shule moja ya bweni katika kaunti yetu ya Trans Nzoia aliniletea barua yake ya kuwakumbusha wazazi kuhusu karo, akaniuliza, "Nisaidie, mbona hawaijibu?" Tulikaa nayo saa mbili. Nimeombwa niwaeleze tulichokiona, na shule nimeiacha bila jina kwa sababu barua kama hiyo inaweza kutoka katika shule yoyote.

Pia niseme hili mapema, maana huulizwa kila ninaposimama mbele ya wazazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo sikuja kuamuru shule yoyote namna ya kudai karo. Nimekuja kuzungumzia barua.

Barua ya zamani ilikuwa na mistari minne. Kichwa chake kilisema TAARIFA YA MWISHO. Kisha: "Wazazi wote wenye madeni ya karo wanaarifiwa kwamba mwanafunzi yeyote ambaye hatakuwa amekamilisha malipo kufikia Ijumaa hataruhusiwa darasani. Hakuna mzazi atakayesikilizwa ofisini bila malipo kamili." Halafu muhuri.

Nilimuuliza bursa, hii ni taarifa ya mwisho ya ngapi muhula huu? Akacheka. Ilikuwa ya tatu. Basi mzazi ambaye amepokea mwisho mara tatu na mtoto bado yuko darasani ameshajifunza kwamba maneno ya ofisi hiyo hayana uzito. Nikamuuliza tena, ni akina nani waliokuja ofisini baada ya barua? Akafikiri, akasema ni wale waliobakiwa na elfu moja au mbili. Wale wenye madeni makubwa walinyamaza, na baadhi walizima simu. Hapo ndipo tulipopata ugonjwa. Barua ilimwambia mzazi asiye na pesa zote asije ofisini, naye akatii.

Kulikuwa na kasoro nyingine iliyo nzito zaidi. Tishio lile haliwezi kutekelezwa kihalali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema kwamba malipo mengine yanaweza kutozwa katika shule ya umma kwa idhini ya waziri, lakini hakuna mtoto atakayekataliwa kuhudhuria shule kwa sababu malipo hayo hayajalipwa. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kukusanya ada bila kutoa risiti rasmi. Wazazi, tafadhali msisikie nusu ya habari hiyo. Sheria haijasema deni limefutwa. Mtoto anabaki darasani, na deni linabaki kwenye daftari kwa jina la mzazi.

Na deni hilo lina mdomo. Katika shule ya bweni, pesa zinazotoka kwa serikali kwa kila mwanafunzi huenda kwenye masomo na uendeshaji wa shule. Chakula na mahitaji ya bweni ndiyo sehemu kubwa ya kile mzazi anacholipa. Karo ikichelewa, walimu wa serikali bado watapata mshahara wao, lakini mwenye lori la mahindi na muuzaji wa maharagwe watasubiri. Muuzaji anayesubiri sana hupandisha bei muhula unaofuata, au huleta mzigo ambao sokoni umekataliwa. Bursa anapoandika barua kwa hasira, mara nyingi ametoka kuzungumza na mtu wa maharagwe.

Kwa hivyo tulikubaliana kwamba barua mpya iwe thabiti kuliko ile ya zamani. Lakini ulipo uthabiti ndipo tulipobishana kidogo. Bursa aliamini uthabiti ni onyo. Mimi niliona uthabiti wa barua unakaa mahali patatu: kiasi kilichoandikwa hadi shilingi ya mwisho, tarehe, na jibu ambalo mzazi lazima alitoe. Barua ya zamani ilidai pesa zote ama kimya, na wengi walichagua kimya. Barua mpya haimruhusu mzazi kunyamaza. Asiye na pesa leo bado anadaiwa jibu leo, na jibu kila mtu analo.

Tukachukua mzazi mmoja kati ya waliokuwa kwenye orodha, tukaandika barua yake kwanza. Ni mama anayelima ekari moja na nusu na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Mtoto wake yuko Kidato cha Tatu, na hapa tutamwita mwanafunzi nambari 4127. Shule hiyo iko katika kundi ambalo mwongozo wa wizara unamtoza mzazi wa bweni shilingi 40,535 kwa mwaka. Mwongozo huo unagawa malipo kwa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Hiyo ni shilingi 20,268 Januari, 12,160 muhula wa pili, na 8,107 muhula wa mwisho.

Naomba nitue hapo kidogo, kwa sababu mgawanyo huo una maana yake kwetu wakulima wa mahindi. Nusu ya karo ya mwaka hudaiwa Januari, wakati wengi wametoka kuvuna na kila mtu anauza, kwa hivyo bei iko chini. Machi na Aprili pesa zilizobaki huingia shambani kama mbegu na mbolea. Muhula wa pili unapofunguliwa, mahindi yamefika magotini na mfukoni hamna kitu. Bursa anayetuma barua yenye tarehe moja kwa wazazi wote mwezi wa Juni anamwuliza mkulima pesa katika mwezi ambao shamba halina cha kutoa. Hilo si kosa la wizara wala la bursa. Ni kalenda mbili ambazo hazikuketi pamoja, na barua nzuri ndiyo inayoweza kuzikutanisha.

Mama huyu alikuwa amelipa 14,000 muhula wa kwanza, akabakiwa na 6,268. Ukiongeza 12,160 za muhula wa pili, salio ni 18,428. Na hii ndiyo barua tuliyoiandika. Naisoma yote, kwa sababu si ndefu.

"Kwa mzazi wa mwanafunzi nambari 4127, Kidato cha Tatu. Tarehe 2 Juni.

MINTARAFU: SALIO LA KARO, MUHULA WA PILI

Kwa heshima, tunakujulisha kwamba salio la karo la mtoto wako kufikia leo ni shilingi 18,428. Kiasi hiki ni salio la muhula wa kwanza, shilingi 6,268, pamoja na karo ya muhula wa pili, shilingi 12,160. Malipo tuliyopokea kutoka kwako mwaka huu ni shilingi 14,000. Taarifa kamili ya karo yenye muhuri imeambatishwa. Ikiwa umelipa kiasi ambacho hukioni hapo, tafadhali leta risiti ya benki au ujumbe wa M-PESA nasi tutarekebisha.

Tunaomba jibu lako kufikia tarehe 13 Juni. Ukiweza kulipa salio lote kufikia tarehe hiyo, tutashukuru. Usipoweza, chagua njia moja au zaidi kati ya hizi na ujaze karatasi iliyo chini ya barua: kulipa kwa awamu, ukitaja kiasi na tarehe unazoziweza, kuleta maharagwe au mahindi makavu kwa bei iliyopitishwa na bodi, au kutujulisha kuhusu basari uliyoomba, ukiambatisha nakala ya fomu.

Mtoto wako anaendelea na masomo na chakula kama kawaida. Deni hili, hata hivyo, ni lako kulilipa, na shule inalitegemea kununua chakula cha wanafunzi wote. Tusipopata jibu kufikia tarehe 13, tutakupigia simu. Tusipokupata kwa simu, utaalikwa kwa barua kukutana na mwalimu mkuu na kamati ya fedha ya bodi tarehe 27 Juni.

Ofisi iko wazi kwa mazungumzo ya faragha kila Jumatano na Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa saba. Ahsante kwa ushirikiano wako. Bursa."

Ndiyo barua yenyewe. Sasa niseme kwa nini baadhi ya maneno yamekaa yalivyokaa.

Kiasi kiko katika sentensi ya kwanza. Katika uandishi wa habari tulifundishwa kwamba msomaji anaweza kuacha kusoma wakati wowote, kwa hivyo jambo kubwa litangulie. Mzazi akifungua bahasha anatafuta tarakimu kabla ya salamu. Ukiificha mistari mitano chini, anasoma kila neno akiwa na wasiwasi. Na tumeeleza kiasi hicho kimetoka wapi, kwa sababu salio lisilo na maelezo huzaa ubishi, na ubishi huchelewesha malipo kuliko umaskini.

Tumesema "mtoto wako anaendelea na masomo" kabla ya kusema "deni hili ni lako". Bursa alihofia kwamba mstari huo utamlegeza mzazi. Nilimwambia mzazi anaujua tayari, na akiusoma ofisini kwako anajua hutamdanganya mahali pengine. Tena, hatua zilizotajwa ni zile tu ambazo shule inaweza kuzifanya na itazifanya. Simu itapigwa. Mkutano wa tarehe 27 utakuwepo. Ukiandika hatua moja usiyokusudia kuichukua, umerudi kwenye taarifa ya mwisho ya tatu.

Barua hiyo iliwekwa kwenye bahasha iliyofungwa, jina la mzazi juu. Msisitizo wangu hapo ni mkali kidogo, mtanisamehe. Kusoma majina ya wadaiwa gwaridani, au kubandika orodha katika kundi la WhatsApp la wazazi, ni kumwaibisha mtoto kwa deni ambalo hakulikopa. Pia ni kuanika habari binafsi za familia, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayolinda habari hizo, hasa za watoto. Ujumbe wa simu uende kwa namba ya mzazi mmoja. Tuliuandika huu, ukaenea ndani ya herufi 160 za ujumbe mmoja: "Mzazi wa 4127: salio la karo ni Sh18,428. Tafadhali tupe jibu kufikia 13 Juni: kwa simu, ofisini au kwa fomu. Mtoto anaendelea na masomo. Bursa."

Basi, mama akajibu? Alikuja tarehe 11, Jumatano ya mazungumzo, na karatasi mkononi. Bursa alinieleza kwamba alisimama mlangoni kwanza, kama mtu anayetarajia kufukuzwa. "Mwalimu, hodi." Sisi wazazi tunamwita kila mtu wa shule mwalimu, hata bursa. "Karibu mama, keti. Umeona kiasi?" Akasema amekiona, lakini hakikubaliani na simu yake. Mwezi wa Machi alituma 3,000 baada ya kuuza kuku na gunia la mwisho la mahindi, na kwenye taarifa hazipo.

Bursa akaomba aone ujumbe. Msimbo wa M-PESA ulikuwepo, herufi na tarakimu kumi, na namba ya Pay Bill ilikuwa ya shule. Lakini mahali pa Account No. palikuwa na namba ya kaka yake mkubwa, aliyemaliza shuleni hapo mwaka uliotangulia. Simu ilikuwa imeihifadhi, na kijana aliyemsaidia kutuma aliibonyeza hiyo hiyo. Pesa zilikuwa zimefika benki ya shule tangu Machi, zikalala kwenye akaunti ya kijana asiyekuwa tena mwanafunzi. Barua tatu za taarifa ya mwisho zilikuwa zimemdai mama huyu pesa alizokwisha kulipa, na kwa kuwa hazikutaja kiasi, hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Hapo bursa mwenyewe alinipa somo ambalo sikuwa nalo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchapisha barua yoyote anakaa na taarifa ya benki na kutafuta malipo yaliyokosa mwenyewe: yaliyoingia kwa jina badala ya namba, kwa namba ya mwanafunzi aliyemaliza, au kwa namba iliyokosewa tarakimu moja. Ni kazi ya asubuhi nzima. Lakini kumdai mtu kitu alicholipa ni aibu ambayo hata adabu ya barua haiwezi kuifuta.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Msifute ujumbe wa M-PESA wa karo, na kabla ya kubonyeza namba ya siri soma tena Account No. Ukiwa na watoto wawili shule moja, linganisha namba na ile iliyo kwenye risiti ya yule unayemlipia.

Salio sasa likawa 15,428. Wakaanza kupanga. Mama alisema ushirika humlipa maziwa katikati ya mwezi, na anaweza kutoa 1,500. Bursa, kwa mazoea, akaandika tarehe 30. Mama akamwambia tarehe 30 maziwa yatakuwa yamekwisha nunua sukari, unga na dawa ya kupe. Wakaandika tarehe 18. Siku tatu au nne baada ya pesa kuingia ndizo siku za kuweka awamu. Ukisubiri wiki mbili, unaomba pesa ambazo haziko. Awamu tatu, Juni, Julai na Agosti, ni 4,500. Ya Agosti itaangukia likizo, nayo iliandikwa wazi kwamba inalipwa hata shule ikiwa imefungwa, kwa sababu mipango mingi huvunjikia hapo.

Halafu maharagwe. Mama hupanda maharagwe kati ya mistari ya mahindi, na huyavuna mwezi wa Julai, miezi mingi kabla ya mahindi. Shule inapika maharagwe karibu kila siku. Alisema anaweza kuleta gunia moja la kilo 90 kabla ya shule kufungwa. Bei iliyopitishwa na bodi kwa muhula huo ilikuwa 8,500.

Njia hii inasifiwa sana mikutanoni, lakini isipopangwa inaharibu urafiki, kwa hivyo niieleze. Bei ipitishwe na kamati ya bodi kabla ya mzigo wa kwanza kufika, iwe moja kwa wazazi wote, na ibandikwe mlangoni mwa ofisi. Bursa asipatane bei na mzazi mmoja mmoja, hata kwa huruma, maana kesho ataambiwa amependelea. Gunia lipimwe kwa mizani ya shule mzazi akitazama, kwa kuwa gunia la nyumbani mara nyingi ni kilo 80 na kitu. Mwenye stoo ajaze fomu ya kupokea bidhaa, ile S13, na kwa fomu hiyo bursa aandike risiti ya karo kwa jina na namba ya mwanafunzi siku hiyo hiyo. Mzazi asiondoke na ahadi.

Na mzigo uwe mkavu. Mahindi ya kuhifadhi hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na ghala zenye kipimo hupima kwa dakika chache. Kwa maharagwe akina mama wanajua kipimo cha jino: ukiuma punje na jino likaacha alama, bado. Shule ikipokea maharagwe mabichi kwa huruma, yataoza stooni na hasara itarudi kwenye karo ya watoto wote. Kuna kikomo kingine pia. Shule haiwezi kupokea zaidi ya jiko linavyopika, kwa hivyo wanaotaka njia hii waandikishwe mapema, na bodi ikishatosheka iseme hivyo. Bursa huyu pia alimwuliza mama kama maharagwe ya nyumbani yatabaki. Hakulazimika kuuliza, lakini nilimpenda zaidi kwa swali hilo.

Basi hesabu yao: 15,428, toa 4,500 za maziwa, toa 8,500 za maharagwe. Yanabaki 2,428.

Mama akasema, "Hizo zitatoka kwa basari, niliomba elfu tano." Na hapa bursa alikuwa thabiti, na alifanya vizuri. Alimwambia, "Mama, basari nitaiandika siku hundi itakapofika. Leo nitaandika kwamba umeomba." Basari, iwe ya NG-CDF au ya wadi, haipunguzi deni kwa kuombwa. Mara nyingi huja muhula umekwenda, na kiasi kinaweza kuwa kidogo kuliko kilichotarajiwa. Mpango wa malipo uliojengwa juu ya basari ambayo haijafika utavunjika bila mzazi kufanya kosa lolote, na yeye ndiye atakayeonekana mwongo. Uandikeni mpango usimame bila basari. Ikija, ipunguze awamu.

Lakini bursa anaweza kuisaidia basari ifike. Kamati nyingi huomba taarifa ya karo yenye muhuri wa shule, na mzazi hutumia siku nzima na nauli ya bodaboda kuifuata. Ndiyo maana tuliiambatisha kwenye barua. Jambo jingine ni jina. Hundi ya basari huja na orodha ya wanafunzi wengi, na jina likiandikwa tofauti na la shuleni, au namba ikikosewa, pesa hukaa bila kuingizwa kwa mtu. Mzazi, andika jina kwenye fomu ya basari kama lilivyo kwenye risiti ya karo, herufi kwa herufi, na namba ya mwanafunzi kando yake. Ukisikia majina yametangazwa na lako limo, nenda kamuulize bursa kama ameliona. Usidhani.

Waliobaki na 2,428 wakaunganisha na karo ya muhula wa tatu, 8,107. Jumla 10,535. Kuna mabursa ambao mpango wao huishia mwisho wa muhula, kana kwamba muhula mwingine hautakuja. Mzazi anamaliza mpango kwa fahari, halafu wiki mbili baadaye anapata barua nyingine. Mama huyu aliijua 10,535 tangu Juni. Akasema mahindi yatavunwa, atauza Novemba, na maziwa ya Septemba na Oktoba atayatoa kama kawaida. Bursa akaandika: 1,500 tarehe 18 Septemba, 1,500 tarehe 18 Oktoba, na 7,535 kufikia 30 Novemba. Basari ikija, itolewe kwenye hiyo ya Novemba. Kisha mstari wa mwisho, ambao ndio roho ya makubaliano: "Nikishindwa tarehe yoyote, nitaijulisha ofisi kabla ya tarehe hiyo." Wakatia sahihi wote wawili, nakala mbili, moja ikaenda na mama.

Mmoja wenu atauliza, na kama asingekuja? Tuliandika hilo kwenye barua, na shule inalitekeleza kwa mpangilio huo: simu baada ya tarehe 13, halafu mwaliko mbele ya kamati. Simu ipigwe na bursa mwenyewe, si mwalimu wa darasa, ili mwalimu abaki kuwa mwalimu. Katika simu lisitajwe tishio, liulizwe swali moja: "Ni tarehe gani tunaweza kuzungumza?" Mzazi asiyepatikana kabisa atafutwe kwa mlezi mwingine aliyeandikwa shuleni kabla ya kutumia chifu. Mara nyingine kimya si ukaidi. Bursa huyu aligundua mzazi mmoja aliyekuwa kwenye orodha alikuwa amelazwa hospitalini tangu Aprili.

Wapo pia wenye uwezo ambao hawalipi kwa makusudi, tusidanganyane. Kwao barua hii inafanya kazi nyingine. Wakifika mbele ya kamati ya bodi, kuna karatasi inayoonyesha kiasi, tarehe waliyoarifiwa, njia walizopewa, na simu zilizopigwa. Hawawezi kusema hawakujua, wala kwamba walifukuzwa ofisini. Kamati inazungumza nao kuhusu jambo moja tu, tarehe ya kulipa, na deni linaendelea kuandikwa muhula hadi muhula hadi liishe.

Awamu ya kwanza ya mama ilikuwa ya tarehe 18 Juni. Tarehe 17 jioni bursa alipata simu. Ushirika ulikuwa umechelewesha malipo ya maziwa kwa siku tano, akaomba asogezewe hadi tarehe 23. Akasogezewa, na tarehe 22 pesa zikaingia, zikiwa na namba 4127.

Nakala za barua na karatasi ya jibu ziko kwenye meza ya nyuma. Wahasibu, badilisheni bei, tarehe na mazao kulingana na eneo lenu. Anayefundisha Endebess na anayefundisha mjini hawana wazazi wa aina moja. Sasa nitapokea maswali, tuanze na wazazi.